Kungoja sita ya ludo na jumla isiyo na mwisho

Mchezo wa ludo una adha yake ya mwanzoni. Kete nne zimekaa nyumbani, dadu inarushwa, na hakuna kete inayotoka mpaka uso wa sita uonekane juu. Kuna anayeipata sita kwa mrusho wa kwanza akaondoka zake, na kuna anayekaa zamu kumi na tano akiwatazama wenzake wakizunguka ubao. Bahati ya mtu mmoja haitabiriki. Wastani wa watu wengi, hata hivyo, unaweza kupigiwa hesabu: kwa kawaida mchezaji hurusha dadu mara ngapi mpaka apate sita yake ya kwanza?

Wengi hujibu mara sita, kwa kuwa dadu ina nyuso sita. Jibu ni sahihi, lakini sababu haitoshi. Nyuso sita zinatuambia kwamba kila mrusho una nafasi moja kati ya sita. Hazituambii moja kwa moja kwamba kungoja kunachukua mirusho sita, kwa sababu kungoja hakuna kikomo: sita inaweza kuja mrusho wa kwanza, wa ishirini, au wa mia. Anayetaka kuupata wastani kwa uhakika hana budi kujumlisha namba zisizo na mwisho, na jumla yenyewe ni ya aina iliyowasumbua wanahisabati tangu karne ya 14.

Tuchukue wachezaji 216, kila mmoja na dadu yake isiyo na hila. Kwa matarajio, moja ya sita yao, yaani 36, wanapata sita kwa mrusho wa kwanza. Wanabaki 180. Moja ya sita ya hao, yaani 30, wanaipata kwa mrusho wa pili. Wanabaki 150, na 25 kati yao wanaipata kwa mrusho wa tatu. Kila mara wanaobaki ni tano ya sita ya waliokuwapo, na kila mara moja ya sita ya waliobaki ndiyo inayotoka. Hivyo uwezekano wa kutoka kwenye mrusho wa kwanza ni 1/6, wa pili ni 5/6 × 1/6, wa tatu ni 5/6 × 5/6 × 1/6, na kuendelea.

Ili kupata wastani, kila namba ya mrusho inazidishwa kwa uwezekano wake, kisha yote yanajumlishwa. Sehemu 1/6 imo kila mahali, kwa hiyo inaweza kutolewa nje ya mabano. Tukiiita 5/6 kwa herufi x, kazi yote inabaki hii:

wastani = 1/6 × (1 + 2x + 3x² + 4x³ + 5x⁴ + …)

Ugumu uko kwenye zile 1, 2, 3, 4, 5 zilizosimama mbele. Zisingekuwapo, kazi ingekwisha kwa mistari miwili. Tuanze na kazi hiyo rahisi, maana ndiyo itakayotuvusha.

Mfululizo usio na vizidishi hivyo, 1 + x + x² + x³ + …, huitwa mfululizo wa jiometri: kila kipengele ni kilichotangulia mara x. Tuiite jumla yake S. Tukizidisha S kwa x, kila kipengele kinasogea hatua moja mbele: xS = x + x² + x³ + … Sasa toa ya pili kutoka ya kwanza. Kila kitu kinafutika isipokuwa ile 1 ya mwanzo. Inabaki S − xS = 1, yaani S = 1/(1 − x). Kwa x = 1/2, kwa mfano, 1 + 1/2 + 1/4 + 1/8 + … inafikia 2 kamili.

Hapo tuna kauli mbili zinazosema kitu kimoja. Upande mmoja kuna foleni ndefu ya vipeo vya x. Upande wa pili kuna sehemu moja fupi, 1/(1 − x). Zinalingana si kwa thamani moja ya x tu, bali kwa kila x iliyo kati ya −1 na 1. Hilo ndilo la kushika. Kama pande mbili zinalingana kwa kila x katika eneo hilo, basi x ikisogea kidogo, pande zote mbili zinabadilika kwa kasi ileile. Na kutafuta kasi ya badiliko ndiyo kazi ya kalkulasi.

Upande wa foleni kwanza. Kipeo cha x kinabadilika kwa kasi gani? Chukua x² mahali ambapo x ni 3. Thamani yake ni 9. Sogeza x iwe 3.01, na thamani inakuwa 9.0601. Badiliko ni 0.0601 kwa msogeo wa 0.01, yaani kasi ya 6.01. Sogeza kidogo zaidi, mpaka 3.001, na kasi inakuwa 6.001. Ni wazi inaelekea 6, ambayo ni 2 mara 3. Ukijaribu kwa thamani nyingine za x utaona vivyo hivyo: kasi ya x² ni 2x. Kasi ya x³ ni 3x², ya x⁴ ni 4x³, na kwa jumla kasi ya xⁿ ni n mara x iliyopunguzwa kipeo kimoja. Kipeo kinashuka chini na kusimama mbele kama kizidishi.

Sasa itazame tena foleni yetu. Ile 1 ya mwanzo haibadiliki, kwa hiyo kasi yake ni sifuri. Kasi ya x ni 1. Ya x² ni 2x, ya x³ ni 3x², ya x⁴ ni 4x³. Ukizijumlisha unapata 1 + 2x + 3x² + 4x³ + … Vile vizidishi vilivyotusumbua vimejitokeza vyenyewe, kimoja baada ya kingine, bila mtu kuvipachika.

Unabaki upande wa sehemu fupi. Chukua 1/(1 − x), kisha sogeza x kwa kiasi kidogo tukiite h. Thamani mpya ni 1/(1 − x − h). Toa ya zamani kutoka mpya, ukitumia asili ya pamoja, na tofauti inakuwa h gawa kwa (1 − x − h)(1 − x). Gawanya kwa msogeo h, na h ya juu inaondoka: inabaki 1 gawa kwa (1 − x − h)(1 − x). Acha h ipungue kuelekea sifuri. Mabano mawili yanafanana, na kasi ni 1/(1 − x)². Kwa hiyo:

1 + 2x + 3x² + 4x³ + … = 1/(1 − x)²

Turudi kwenye dadu. Kwa x = 5/6, 1 − x ni 1/6. Mraba wake ni 1/36, kwa hiyo mabano yote yanatoa 36. Zidisha kwa ile 1/6 iliyokuwa nje, unapata 6. Mchezaji wa ludo, kwa wastani, anarusha dadu mara sita. Na sasa inaonekana kwa nini nyuso sita zinaleta mirusho sita: uwezekano ukiwa p, mabano yanatoa 1/p², kizidishi cha nje ni p, na jibu ni 1/p. Sarafu inayosubiriwa iangukie upande wa kichwa inahitaji mirusho miwili kwa wastani. Tukio la nafasi moja kati ya mia linahitaji majaribio mia.

Vitabu vingi huandika kanuni hii kwa sura tofauti kidogo, ambapo kipeo na kizidishi vinakwenda sambamba: x + 2x² + 3x³ + 4x⁴ + … Hapo kila kipengele ni n mara xⁿ. Ili kufika huko unazidisha pande zote mbili kwa x, na jumla inakuwa x/(1 − x)².

Hatua hii ndogo ya mwisho ndiyo inayowaponyoka wanafunzi wengi zaidi. Mtu anafanya kazi yote vizuri, kisha anaandika 1/(1 − x)² mahali palipotakiwa x/(1 − x)², au kinyume chake. Kwa x = 1/2 kosa hilo linageuza jibu kutoka 2 kuwa 4. Njia ya kulikamata ni kujaribu x ndogo sana na kutazama kipengele cha kwanza peke yake. Mfululizo unaoanza na x unapaswa kuwa karibu na x pale x inapokuwa ndogo. Mfululizo unaoanza na 1 unapaswa kuwa karibu na 1.

Jaribio hilo likifanywa kwa x = 0.1 linaleta kitu cha kupendeza. Jumla ni 0.1 + 0.02 + 0.003 + 0.0004 + 0.00005 na kuendelea, yaani namba za kuhesabia zimejipanga zenyewe baada ya nukta. Kanuni inasema jumla hiyo ni 0.1 gawa kwa 0.81, ambayo ni 10/81. Mwenye simu na afungue kikokotoo chake, aandike 10 ÷ 81. Itatokea 0.123456790123… Namba zinafuatana vizuri mpaka 7, kisha 8 inarukwa. Haikupotea. Kipengele cha kumi ni 10 kilichowekwa kwenye nafasi ya kumi, na kwa kuwa nafasi moja haibebi tarakimu mbili, 1 inasogea kushoto kwenye nafasi ya tisa. Pale palikuwa na 9, panakuwa 10, na 1 nyingine inasogea tena kushoto na kuifanya 8 iwe 9. Kwa hiyo 9 inayoonekana baada ya 7 ni ile 8 iliyoongezewa moja.

Haikuwa lazima kungoja kalkulasi ili kulijua jibu la x = 1/2. Mfaransa Nicole Oresme, aliyesomea na kufundisha Paris na baadaye akawa askofu wa Lisieux, alionyesha mnamo katikati ya karne ya 14 kwamba 1/2 + 2/4 + 3/8 + 4/16 + … ni 2. Huko Oxford, Richard Swineshead alifikia jumla hiyohiyo takriban wakati huohuo. Leibniz alichapisha kanuni zake za kalkulasi mwaka 1684, zaidi ya miaka mia tatu baadaye. Oresme alichora maumbo na kuyapanga upya. Wazo lake, likiandikwa kwa namba, ni hili: 2/4 ni 1/4 mbili, 3/8 ni 1/8 tatu, 4/16 ni 1/16 nne. Chukua moja kutoka kila kundi na uzijumlishe: 1/2 + 1/4 + 1/8 + … ni 1. Kinachobaki kinaanzia 1/4. Chukua tena moja moja: 1/4 + 1/8 + 1/16 + … ni 1/2. Safari ya tatu inaanzia 1/8 na kutoa 1/4. Mafungu hayo, 1 + 1/2 + 1/4 + …, jumla yake ni 2.

Njia ya Oresme ni nzuri kwa sababu haihitaji zana yoyote zaidi ya mfululizo wa jiometri wenyewe, na anayeelewa hiyo tu ana uthibitisho kamili mkononi. Njia ya kasi ya badiliko inaizidi kwa jambo moja: inaweza kurudiwa. Kama mbele ya vipeo pangekuwa na n mraba badala ya n, kupanga mafungu upya kungekuwa kazi ya kuchosha, ilhali kutafuta kasi kwa mara ya pili ni mistari michache.

Kuna hatua tuliyoipita haraka, na haifai kuachwa hivyo. Tulisema kasi ya jumla ni jumla ya kasi. Kwa vipengele vitatu au mia tatu, hilo halina ubishi. Kwa vipengele visivyo na mwisho si halali kila mahali, na hapa lazima lithibitishwe. Njia salama ni kukata foleni mahali fulani, tuseme baada ya mirusho N, kupiga hesabu kamili bila kugusa kisicho na mwisho, halafu kuiacha N ikue. Ukifanya hivyo kwa dadu, mirusho N ya kwanza inachangia kwenye wastani kiasi hiki hasa:

6 − (N + 6) × (5/6)ᴺ

Kila kitu kinategemea kipande kinachotolewa. Ndani yake kuna mivutano miwili: N + 6 inakua, na (5/6)ᴺ inapungua. Mwanzoni ukuaji wa N + 6 unakifanya kipande hicho kipungue polepole. Mchango wa mrusho wa kwanza ni 0.167, wa pili 0.278, wa tatu 0.347, wa nne 0.386, na wa tano na wa sita inalingana kabisa, 0.402. Kuanzia wa saba inashuka. Mtu anayejumlisha kwa mkono na kuishia mrusho wa sita atapata 1.98 tu, na anaweza kudhani kanuni ni mbovu. Akifika mrusho wa 20 atapata 5.32, wa 30, 5.85, wa 60, 5.999. Kupungua kwa (5/6)ᴺ kunashinda, kwa sababu kila hatua kunazidisha, ilhali N + 6 inaongeza moja moja. Kadiri x inavyokaribia 1 ndivyo ushindi huo unavyochelewa, na ndivyo vipengele vingi zaidi vinavyohitajika kabla jumla haijatulia.

Nje ya eneo la −1 na 1 ushindi huo haupo kabisa, lakini kanuni haitoi onyo. Weka x = 2 kwenye x/(1 − x)², nayo itakujibu 2 bila kusita. Mfululizo wenyewe ni 2 + 8 + 24 + 64 + …, unaokua bila kikomo. Weka x = −1 kwenye 1/(1 − x)² na utapata 1/4, ilhali mfululizo ni 1 − 2 + 3 − 4 + …, ambao jumla zake za njiani ni 1, −1, 2, −2, 3, −3, zikizidi kutawanyika. Leonhard Euler, katika karne ya 18, aliichukua 1/4 hiyo kama thamani ya kuupa mfululizo huo, na baadaye ikapatikana maana halali ya kufanya hivyo. Lakini si jumla kwa maana ya kuongeza namba moja baada ya nyingine. Kwa anayepiga hesabu ya kungoja, ya deni au ya foleni, kanuni ni ya kuaminiwa pale tu x ilipo kati ya −1 na 1. Dalili ya hatari ni rahisi kuiona: andika vipengele kadhaa vya mbali, na kama havielekei sifuri, jibu la kanuni liwekwe kando.

Wastani wa mirusho sita nao unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Hausemi kwamba sita huja mrusho wa sita. Mrusho wenye uwezekano mkubwa kuliko mingine yote ni wa kwanza, kwa kuwa kila mrusho unaofuata una tano ya sita ya uwezekano wa uliotangulia. Zaidi ya nusu ya wachezaji, kama asilimia 52, wanakuwa wameshaipata sita kufikia mrusho wa nne. Kinachouvuta wastani mpaka sita ni wale wachache wenye bahati mbaya: takriban watatu kati ya mia wanarusha mara 20 bila kuiona. Na dadu haiwakumbuki. Aliyekosa mara 20 bado anatarajia, kwa wastani, mirusho sita mingine kuanzia hapo.

Kwa msomaji anayetaka kujua kama ameishika njia hii, kuna zoezi moja linalotosha. Anza na x + 2x² + 3x³ + … = x/(1 − x)², tafuta kasi ya badiliko ya pande zote mbili kwa mara nyingine, kisha zidisha kwa x. Utapata jumla ya 1x + 4x² + 9x³ + 16x⁴ + …, yenye miraba mbele ya vipeo. Weka x = 1/2. Ukipata 6, umepatia. Ukipata 12, umesahau kuzidisha kwa x mwishoni.